Chenga kwa Wote

Mtazamaji hahesabu pikseli. Mkalishe sebuleni, umwekee mkanda wa harusi wa mwaka 1994 tangu mwanzo, na atautazama saa mbili nzima bila kunung'unika. Dakika tano za kwanza macho yatalalamika kidogo, kisha yatazoea, naye ataanza kumtafuta shangazi yake kwenye umati. Sasa chukua sekunde kumi tu za mkanda huohuo, zipachike katikati ya mahojiano yaliyopigwa jana kwa kamera ya HD. Palepale atauliza, "Mbona picha imeharibika?"

Mkanda haujaharibika zaidi ya ulivyokuwa. Kilichomshtua ni kule kuruka ghafla kutoka picha safi hadi picha yenye ukungu. Jicho halina kipimo cha ubora, lina kipimo cha tofauti, na yeyote anayetaka kuchanganya klipu hafifu na picha za HD lazima aanzie hapo. Wahariri wengi wanaoanza hutumia nguvu zao zote kuunoa mkanda, wakitumaini utapanda hadi ufanane na HD. Hauwezi. Sehemu kubwa ya dawa iko upande wa pili, upande ambao wengi huona uchungu kuugusa: kuishusha HD kidogo ili mbili hizi zikutane njiani.

Nitaeleza kwa kazi moja ya kifamilia, ya Tanga, kwa kuwa ilikuwa na karibu kila aina ya shida. Watoto walitaka filamu fupi ya kuwaenzi wazazi wao kwenye sherehe ya miaka thelathini ya ndoa, ionyeshwe ukumbini kwa projekta. Mahojiano ya wazazi yalipigwa kwa HD ya kawaida, pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Kulikuwa na mkanda wa VHS wa harusi yenyewe. Na kulikuwa na salamu za mjomba aliyeko Muscat, zilizofika kwa WhatsApp baada ya kupita kwenye magrupu mawili ya ukoo.

Tuanze na hesabu, kisha tuiache. Mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Tanzania na Kenya enzi za televisheni ya analogia, ukihamishiwa kwenye kompyuta hutoa fremu ya pikseli 720 kwa 576. Zidisha, utapata 414,720. Fremu ya HD ina pikseli 2,073,600, yaani mara tano kamili. Kwa maneno mengine, ukiujaza mkanda kwenye skrini nzima, kwa kila pikseli tano zinazoonekana, nne zimebuniwa na kompyuta kwa kukisia kutoka kwa jirani zake. Na hata hiyo 720 ni sifa ya bure, maana VHS yenyewe haikuwahi kubeba undani kiasi hicho. Mafundi wa televisheni huipa mistari 240 hivi ya undani wa mwanga, na kwenye rangi haifiki hata mistari 50. Ndiyo maana kitambaa chekundu kwenye VHS huonekana kama kimechuja, rangi ikimwagikia nje ya mipaka ya nguo.

Kabla ya kugusa kitufe chochote cha kuhariri, swali la kwanza ni: je, hii ndiyo nakala bora iliyopo? Mara nyingi jibu ni hapana. Klipu ya mjomba ilikuwa na upana wa pikseli 480 na vijisanduku usoni kila alipogeuza kichwa. Vijisanduku vile si kosa la simu yake. WhatsApp huibana video ili isafiri haraka, nayo huwa imeshapoteza undani mwingi kabla haijakufikia. Ningeweza kupoteza siku nzima nikilainisha vile vijisanduku. Badala yake binti yao alimpigia: "Mjomba, shikamoo. Ile video ya salamu bado unayo kwenye simu? Naomba uitume tena, lakini safari hii itume kama dokumenti, usiitume kama video." Ikaja faili kubwa, pikseli 1080 kwa 1920, safi kama mahojiano yenyewe. Shida iliyoonekana ya kiufundi ilimalizwa na simu moja.

Na mkanda vilevile. Watoto walikuwa wamekwishauhamisha zamani kwenda DVD, na DVD ile ndiyo waliyoniletea. Nikaomba mkanda wenyewe. DVD huibana picha, na ile ilikuwa imebanwa mno ili harusi nzima iingie kwenye diski moja, kwa hiyo ilikuwa na makosa ya mkanda pamoja na makosa yake. Tulipoupitisha mkanda tena kwenye deki iliyosafishwa vichwa, na kurekodi bila kubana sana, chenga zilibaki lakini vijisanduku vikaondoka. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Chenga zinaweza kufanyiwa urafiki, kama nitakavyoeleza. Vijisanduku haviwezi.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulikosea mapema, na likishakosewa halirekebishiki mbele ya safari. Video ya zamani haikurekodi fremu kamili. Ilirekodi nusu fremu: kwanza mistari yote ya namba witiri, kisha, sehemu moja ya hamsini ya sekunde baadaye, mistari ya namba shufwa. Televisheni ya kioo kinene ilizichora nusu hizo kwa zamu na jicho likaona mwendo laini. Kompyuta huzishona pamoja kuwa fremu moja. Mtu akiwa ametulia huoni kitu, lakini akinyanyua mkono, nusu moja ya fremu inauonyesha mkono ulipokuwa na nusu nyingine ulipofika, na kingo za mkono zinatoka na meno kama ya kitana.

Meno hayo lazima yaondolewe kwanza, kabla ya kuikuza picha. Ukikuza kwanza, kompyuta inayachukulia meno kama sehemu ya picha, inayanenepesha na kuyachanganya na mistari ya jirani, na baada ya hapo hakuna programu inayoweza kujua mstari upi ulikuwa wa nusu ipi. Programu nyingi za kuhariri hufanya kazi hiyo zenyewe, baadhi vizuri na baadhi kivivu, kwa kuitupa nusu moja na kubaki na mistari 288. Mimi hupenda kuifanya nje ya programu ya kuhariri, kwa ffmpeg, ambayo ni ya bure:

```
ffmpeg -i mkanda.avi -vf "bwdif=mode=send_frame,crop=704:564:8:0,scale=1470:1080:flags=lanczos:in_color_matrix=bt601:out_color_matrix=bt709,setsar=1" -c:v prores_ks -c:a pcm_s16le mkanda.mov
```

Isikutishe, ni hatua nne zilizofuatana. `bwdif` huyaondoa meno na kutoa fremu 25 kwa sekunde, sawa na zile za mahojiano. `crop` hukata kingo: pikseli nane kila upande, na mistari kumi na miwili ya chini kabisa, pale ambapo VHS huwa na mkanda mdogo wa picha iliyovurugika. Kwenye televisheni za zamani eneo hilo lilifichwa na fremu ya kioo, lakini leo linaonekana lote na linatangaza "mimi ni VHS" kabla hata uso haujatazamwa. `scale` huikuza picha hadi kimo cha 1080 bila kuivuta upana, na wakati huohuo huihamisha rangi kutoka kanuni ya televisheni ya zamani kwenda kanuni ya HD. Ukiliruka hilo la mwisho, nyekundu na kijani vitapotoka kidogo na ngozi za watu zitakuwa na rangi usiyoweza kueleza tatizo lake.

Namna ya kujua kama nusu fremu zimepangwa vizuri ni kutazama mwendo, wala si fremu iliyosimama. Tafuta mahali mtu anapita mbele ya kamera. Zikiwa zimegeuzwa, mwendo utakwenda mbele na kurudi nyuma kwa mtetemo mdogo, kama mtu anayesitasita. Hapo unaongeza `parity=tff` au `parity=bff` kwenye `bwdif` na kujaribu tena.

Klipu ya mjomba nayo ilikuwa na tatizo lake la mwendo. Simu hurekodi fremu 30 hivi kwa sekunde, tena si 30 kamili. Hupunguza kukiwa na giza na kuongeza kukiwa na mwanga. Ukiiweka hivyo kwenye filamu ya fremu 25, sauti na midomo huanza pamoja na kuachana taratibu. Ilinyooshwa kwanza kuwa 25 kamili. Katika kufanya hivyo, fremu moja katika kila sita hutupwa, na kwa mtu aliyeketi akitoa salamu hakuna atakayeona. Angekuwa anacheza mdundiko, tungeona.

Tumefika kwenye umbo. Mkanda ni wa umbo la nne kwa tatu, skrini ya leo ni kumi na sita kwa tisa. Njia mbaya kabisa ni kuuvuta upana ujae, na bibi harusi akanenepa. Njia ya pili ni kukata juu na chini ili ujae bila kuvuta. Hapo unabakiwa na mistari 432 badala ya 576, na ukuzaji unapanda kutoka mara 1.875 hadi mara 2.5. Umeukata undani uliokuwa haba, kisha ukaukuza uliobaki zaidi. Njia ya tatu ni kuuacha na umbo lake na kuweka weusi pembeni. Ya nne, ambayo imekuwa mtindo wa kila kituo cha televisheni, ni kujaza pembeni kwa nakala ya picha hiyohiyo iliyokuzwa na kutiwa ukungu mzito.

Hiyo ya nne siipendi, na sababu si ladha tu. Ule ukungu wa pembeni unacheza pamoja na picha ya katikati, jicho linavutwa kutazama kingo, na kinachotazamwa pale kingoni ni mpaka kati ya kitu chenye ukungu na kitu chenye nusu ukungu. Umemkumbusha mtazamaji jambo ulilotaka asahau. Kwa kazi ya Tanga nilitumia weusi mtupu, na kwenye vipande viwili vilivyokuwa vibovu zaidi nikaishusha picha iwe ya pikseli 960 kwa 720 katikati ya skrini. Picha ikiwa ndogo, ukuzaji nao ni mdogo, na mtazamaji anaipokea kama picha iliyowekwa kwenye albamu. Kwa vipande vya karibu, kama mikono ya bibi harusi yenye hina, nilikubali kukata na kujaza skrini nzima. Picha za karibu huvumilia ukuzaji kwa sababu mkono mmoja umechukua maelfu ya pikseli. Picha ya umati kutoka mbali haivumilii. Uso wa mtu mle ndani una pikseli kumi na mbili, na kutoka kwa pikseli kumi na mbili huwezi kumpata shangazi.

Baada ya hapo ndipo inakuja kazi ya kuzikutanisha. Mkanda wa VHS hauna nyeusi halisi. Suti ya bwana harusi, ambayo siku ile ilikuwa nyeusi tii, kwenye mkanda ni ya kijivu. Na juu, gauni la bibi harusi limeungua: mpiga video wa zama zile alibeba taa kubwa juu ya kamera, na yeyote aliyesogelewa aligeuka karatasi nyeupe. Mahojiano ya HD kinyume chake yana weusi mzito na weupe wenye mikunjo yote. Kama ukungu ungekuwa sawa, tofauti hiyo ya mwanga peke yake ingetosha kuupasua muungano.

Mkanda unaweza kushushiwa weusi kidogo, lakini ukizidisha, chenga zilizojificha kwenye vivuli zinafumuka. Kwa hiyo nikasogeza pande zote mbili. Kwenye mahojiano niliinua weusi kutoka sifuri hadi kama tano katika kipimo cha mia, nikashusha weupe hadi tisini na kitu, na kupunguza ukali wa rangi kiasi cha kumi kwa mia. Mkanda ukashushwa weusi ukutane na hiyo tano, na rangi yake ya manjano ikavutwa kidogo kuelekea katikati. Cha kufananisha hapa ni ngozi. Mama ni yuleyule, wa mahojiano na wa mkanda. Ngozi yake ikikubaliana pande zote mbili, mapazia yanaweza kutofautiana yatakavyo na hakuna atakayejali.

Kisha ukungu. Kamera za HD na simu hunoa picha zenyewe kabla hata hujaigusa, kwa hiyo kuondoa ule unoaji hakuibi kitu cha kweli. Niliweka `Gaussian Blur` ya kiasi kidogo mno, pikseli moja hivi, juu ya mahojiano. Kipimo changu ni kope. Kuza skrini hadi jicho la anayeongea. Kama bado unaweza kuhesabu kope moja moja, ongeza kidogo. Kope zikiungana kuwa kivuli kimoja huku mboni bado inang'aa, acha hapo. Ukiendelea, mboni inakufa na mtu anaonekana hajalala. Tena si lazima ukungu uwe sawa filamu nzima. Fremu za mbali na mkanda zinaweza kubaki kali, na kadiri unavyoukaribia mkanda ndivyo unavyoongeza, ili jicho lishuke ngazi kwa ngazi badala ya kudondoka kutoka darini.

Upande wa mkanda, kishawishi ni kunoa. Nitasema wazi: noa kidogo sana au usinoe kabisa. Kunoa hakuleti undani, kunachora tu mstari mweupe kando ya kila ukingo mweusi. Ukiona kichwa cha mtu kina duara jembamba la mwanga kama taswira za watakatifu kanisani, umepita. Kusafisha chenga nako kuna mpaka wake. Ukizifuta zote, ngozi inakuwa kama ya mshumaa na nyuso zinayeyuka kila zinapogeuka.

Mimi chenga huwa sizifuti. Nazigawa. Hii ndiyo hatua ambayo, kama ningeruhusiwa moja tu, ningeichagua: kuweka chenga za aina moja juu ya filamu nzima, mahojiano na mkanda pamoja. Chukua klipu ya chenga za filamu, zipo nyingi za bure mtandaoni, iweke kwenye tabaka la juu kabisa la taimlaini, badilisha namna ya kuchanganya iwe `Overlay`, kisha punguza nguvu yake hadi asilimia 15 au 20. Lazima ziwe chenga zinazotembea. Zikiwa zimeganda, mtazamaji atadhani projekta ina vumbi.

Kwa nini hili lifanye kazi? Picha iliyokuzwa huwa na kasoro mbili kwa pamoja: haina undani mdogomdogo, na chenga zake zimekuzwa nayo zikawa mabaka. Mahojiano yana undani mdogomdogo na hayana chenga. Ukitandaza chenga mpya za ukubwa mmoja juu ya zote, mkanda unapata vitu vidogo vidogo vinavyotembea ambavyo jicho huvichukulia kama undani, na mahojiano yanapoteza ule usafi wa kioo. Zote mbili zinakuwa zimetazamwa kupitia pazia moja. Ndiyo maana chenga huwekwa mwisho, baada ya kukuza, kamwe si kabla.

Maandishi yawekwe chini ya tabaka hilohilo. Majina na tarehe yenye kingo kali kama wembe, juu ya picha ya VHS, humpa jicho kitu cha kulinganishia, na picha inaonekana mbovu maradufu. Vivyo hivyo nembo ya kituo pembeni, lakini hiyo mara nyingi haiko mikononi mwa mhariri.

Mwongozaji Pablo Larraín wa Chile alilipeleka wazo hili hadi mwisho wake. Filamu yake *No* ya mwaka 2012 inahusu kura ya maoni ya 1988 iliyomwondoa Pinochet, na ndani yake kuna matangazo halisi ya televisheni ya wakati ule. Badala ya kuhangaika kuyapandisha, alitafuta kamera za video za mwaka 1983, zinazotumia mkanda wa U-matic, na kupiga filamu yote kwa hizo, kwa umbo la nne kwa tatu. Waigizaji wake na kumbukumbu za kweli vinafuatana bila mshono. Familia ya Tanga isingekubali mahojiano ya wazazi wao yapigwe kwa kamera ya mwaka 1983, na walikuwa na haki. Lakini mwelekeo ni uleule, mmoja kashuka wote, mwingine kashuka kidogo.

Yaliyobaki ni mpangilio, na hapa sikio linasaidia kuliko macho. Mama, kwenye mahojiano, anafika mahali anasema, "Tarumbeta tulizisikia tangu kona ya msikiti." Kabla hajamaliza sentensi, sauti ya tarumbeta za kwenye mkanda inaanza kupanda chini ya maneno yake, ikiwa na mvumo wake wote wa VHS. Sekunde mbili baadaye tunatoka kwake, lakini hatuingii kwenye mkanda moja kwa moja. Tunaingia kwenye picha ya harusi iliyotundikwa ukutani sebuleni, iliyopigwa kwa HD. Picha ile yenyewe ni ya karatasi, imefifia, ina ulaini wake. Ni HD ya kitu kisicho kikali. Kutoka hapo tunaingia kwenye mikono yenye hina, ya karibu, na ya nne ndiyo picha pana ya watu wakija. Hadi jicho linaifikia picha mbovu kuliko zote, sikio limekuwa harusini kwa sekunde saba au nane.

Na ukishaingia, kaa. Mruko mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi unasameheka. Ukirukaruka kila sekunde tatu kati ya mama wa leo na mama wa 1994, unamlazimisha mtazamaji kulinganisha. Vipande vya mkanda nilivikusanya makundi matatu, badala ya kuvimwaga filamu nzima. Vituo vikubwa vya Uingereza, BBC ikiwemo, katika kanuni zao za kiufundi za vipindi vya HD waliweka kikomo kwamba picha zisizo za HD zisizidi robo ya kipindi. Mhariri wa harusi hafungwi na kanuni hiyo, lakini ukivuka robo ni afadhali ugeuze mpango: fanya mkanda uwe ndiyo filamu, na HD iwe mgeni.

Kuna klipu ambazo hazikubali lolote kati ya haya. Kulikuwa na moja ya simu ya zamani, pikseli 176 kwa 144, mtoto wa kwanza akijifunza kutembea. Kuikuza ijaze skrini ni mara saba na nusu kwa kimo. Inabaki marumaru za rangi. Hiyo hatukuificha. Tuliihamishia kwenye simu ndogo, mama akaishika mkononi, tukampiga kwa HD akiitazama, mkono na pete vikiwa kwenye fokasi. Mtazamaji anaona simu yenye picha mbovu, na simu ya zamani kuwa na picha mbovu ni jambo la kawaida. Njia hiyohiyo hufanya kazi kwa mkanda ukichezwa kwenye televisheni ya kioo kinene na kupigwa upya. Kumbuka tu kuweka shata ya kamera kwenye 1/50, la sivyo mistari myeusi itapanda na kushuka kwenye kioo.

Mwisho wa kazi, usijihukumu kwenye laptopu ukiwa umekuza picha mara mbili. Tazama mahali itakapotazamwa. Kwenye simu nusu ya matatizo haya hayaonekani, kwenye projekta ya ukumbini yanakua pamoja na ukuta. Mwite mtu asiyejua chochote, mwonyeshe dakika tatu, na usimwulize kama ameona tofauti, maana ukiuliza ataitafuta. Mwulize ilikuwaje harusi. Na unapotoa faili la mwisho usilibane mno: chenga ni nyingi na hubadilika kila fremu, kwa hiyo faili la megabiti nne kwa sekunde litazigeuza kuwa vilevile vijisanduku tulivyovikimbia kwa mjomba. Kwa 1080, mimi sishuki chini ya megabiti 20.

Haya yote hutegemea mkanda kusomeka, na deki za kuusomea zinakwisha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa bado ikitengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Zilizobaki ni za mitumba na vichwa vyake vinalika. Kama nyumbani kuna mkanda kabatini, uhamishe mwaka huu, hifadhi faili lisilobanwa sana, na mkanda wenyewe usiutupe.